Kusoma namba za tairi la lori kabla ya kulipa: matairi ya mbele ya kichwa cha semitrela

Mnunuzi wa matairi ya lori kubwa huulizwa kwanza bei anayoitaka, ilhali swali la kwanza lingepaswa kuwa uzito ambao ekseli yake itabeba. Jibu la swali hilo limeandikwa ubavuni mwa tairi. Mwongozo huu unahusu ekseli ya mbele ya kichwa cha semitrela chenye rimu za inchi 22.5, kwa kuwa hapo kila upande una tairi moja tu na kosa la kununua halina tairi pacha la kulifidia.

Tuchukue tairi lililoandikwa 315/80R22.5 156/150L. Namba 315 ni upana wa tairi kwa milimita, kutoka ubavu hadi ubavu. Namba 80 ni uwiano wa kimo cha ubavu kwa upana huo, kwa asilimia. Kwa hiyo ubavu una milimita 252. Herufi R inaonyesha kwamba nyuzi zake zimepangwa kwa mtindo wa rediali, na 22.5 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, yaani milimita 571.5. Ukijumlisha rimu na ubavu mara mbili, juu na chini, unapata kipenyo cha tairi zima, ambacho ni milimita 1075.5. Ile nusu inchi ya mwisho nayo ina maana yake: rimu za namba hizo ni za matairi yasiyo na tyubu, na tairi la 12.00R20 la tyubu haliwezi kufungwa juu yake hata muuzaji akiapa.

Sehemu ambayo wanunuzi wengi huiruka ni 156/150L. Namba 156 ni alama ya mzigo ambao tairi hubeba likiwa peke yake, na maana yake ni kilo 4,000. Namba 150 ni ya tairi likifungwa pacha, nayo ni kilo 3,350 kwa kila moja. Herufi L inaruhusu mwendo wa hadi kilomita 120 kwa saa. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu ekseli ya mbele yenye matairi mawili kubeba tani 8, kwa hiyo matairi mawili ya 156 yanatosha barabara, bila ziada hata ya kilo moja. Uwezo huo, hata hivyo, unapatikana tu tairi likijazwa upepo wa kiwango kilichoandikwa ubavuni.

Kwa sababu ya uwezo huo wa kubeba, kati ya matairi manne ninayoyalinganisha hapa naliweka 315/80R22.5 156/150L nafasi ya kwanza. Nafasi ya pili naipa saizi hiyo hiyo yenye alama 154/150M: kila tairi hubeba kilo 3,750, na yote mawili kilo 7,500. Ni chaguo zuri ikiwa kibati cha mtengenezaji wa gari kinaiwekea ekseli ya mbele kikomo hicho au cha chini yake, maana lori linaweza kupita mizani bila faini huku matairi yakiwa yamezidiwa.

Nafasi ya tatu ni 12R22.5 yenye 152/148. Hapa 12 ni upana kwa inchi, na uwiano haukuandikwa. Jozi hubeba kilo 7,100, na kipenyo chake, takriban milimita 1085, hakiko mbali sana na cha 315/80. Nafasi ya mwisho ni 295/80R22.5 ya alama hiyo hiyo ya 152/148. Mzigo linaoubeba ni sawa na wa 12R22.5, lakini kipenyo chake ni milimita 1043.5 tu, na udhaifu wake hujitokeza linapogeuzwa kuwa la akiba la kufungwa nyuma, pacha na 315/80. Tofauti ya milimita 32 katika kipenyo hufanya mzunguko wake kuwa mfupi kwa sentimita 10 hivi, jambo ambalo kwa hesabu ya karatasi ni karibu mita 30 za kuburuzwa kwa kila kilomita. Dogo husagika, kubwa hubeba mzigo wa yote mawili, hupata moto na mwishowe hubasti. Ukiona tairi moja la pacha limelika upesi na mwenzake lina ubavu wa moto kupita kiasi baada ya safari, pima vipenyo kwanza kabla ya kumlaumu dereva.

Kabla ya kulipa, soma pia upana uliogongwa kwenye rimu: 315/80 hukaa vizuri kwenye rimu ya 9.00, na 12R22.5 kwenye 8.25 au 9.00. Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho za mstari unaoanza na DOT. Zikiwa 1824, tairi lilitengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2024. Ikiwa ubavu unaoutazama hauna tarakimu hizo, mwambie muuzaji aligeuze, kwani mara nyingi huandikwa upande mmoja tu.