Majani ya kuponda: kwenye ngozi nzima na ngozi iliyochubuka

Chukua mikono miwili iliyoumwa na wadudu. Wa kwanza una kivimbe, ngozi haijapasuka. Majani yaliyooshwa, yakapondwa na kufungwa kwenye kitambaa safi, yakikaa dakika 10 ubaridi wake hutuliza mwasho. Hata mvilio wa kugongwa hupata nafuu kidogo. Yakichoma, yatoe uoshe.

Mkono wa pili umekunwa hadi ukatoa majimaji. Kwa macho tofauti ni ndogo, ila mlango uko wazi. Jani hubeba vijidudu vya udongoni, pengine hata vya pepopunda, na kuliosha hakuviondoi vyote. Hapa ni maji safi na sabuni, kisha bandeji. Wekundu ukitambaa au usaha ukitoka, majani yatakufichia dalili tu, nenda zahanati.