Aplikesheni ya hesabu ya shuleni: pointi kibao, hesabu hola

Jamani hii aplikesheni ambayo shule ya binti yangu wanaitumia kwenye simu imenichosha, na kilichonimaliza kabisa ni jibu la huduma kwa wateja. Niliwaandikia kwamba mtoto anaongoza darasa zima kwa pointi ila kujumlisha sehemu hajui, mhudumu akanijibu, "Mama, mwanao ni namba moja, unataka nini tena?" Nataka ajue hesabu!

Nilikaa naye nikaangalia anavyocheza. Linakuja swali 1/2 + 1/3, chini majibu manne, juu saa inahesabu kurudi nyuma, ukiwahi unavuna pointi nyingi na ukikosea hupotezi kitu, unabonyeza jingine tu mpaka iwake kijani. Sasa mtoto anayetulia akageuza 3/6 na 2/6 ndo apate 5/6 anapitwa na anayebonyeza ovyo. Halafu swali lilelile linarudi na majibu yako palepale, kwa hiyo wangu ameshakariri kona. Nikayaziba majibu kwa kiganja, akaniambia, "Mama toa mkono, sioni jibu." Nikampa karatasi, akaandika 2/5. Nikamuuliza, umeanza na nusu, ukaongeza, imekuwaje umepata chini ya nusu? Kimya.

Lakini nisiwaonee. Huyu alikuwa analia akisikia neno hesabu, siku hizi anaifungua mwenyewe bila kusukumwa, na kwenye jedwali la kuzidisha amewiva, 7 × 8 hujamaliza kutamka keshasema 56. Pale saa inasaidia kweli kwa sababu jedwali linatakiwa litoke kichwani haraka. Kwa jedwali ningewapa nyota zote tano. Sehemu zina hatua, na hatua zinataka muda, wao wameweka saa ileile kila mahali.

Na huo moyo wenyewe sijui ni wa hesabu au wa pointi, maana msimu ulipoisha wakafuta pointi zote kuwa sifuri, hakuigusa tena mpaka msimu mpya ulipofunguliwa. Hili halijaanza leo, mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake walionyesha kwamba watoto waliokuwa wanapenda kuchora, wakiahidiwa cheti wakakipata, baadaye wakiachiwa huru walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu.

Nilitaka kuweka nyota tatu kwa ajili ya jedwali. Hapana, nikikumbuka lile "unataka nini tena" naweka moja. Watoe saa kwenye sehemu, wachanganye majibu kila swali linaporudi, mtoto aandike jibu mwenyewe badala ya kuchagua, hapo nitabadilisha. Wazazi ambao wanenu wanaitumia, leo jioni zibeni majibu kwa mkono muulize swali moja tu.