Uzoefu wangu: wasilisho la slaidi 148 lililokatika mara mbili kwa sababu mbili tofauti

Nimetumia kwa miezi kadhaa huduma moja ya mtandaoni inayowawezesha watu kuandika maoni juu ya slaidi bila kutumiana mafaili, na kwa mawasilisho mafupi sina malalamiko nayo. Tathmini hii inahusu kazi moja kubwa: wasilisho la mafunzo ya usalama wa moto kazini, lenye slaidi 148 na uzito wa megabaiti 212, ambalo nilitaka wenzangu wanne walipitie kabla halijatumika. Jina la huduma nimeliacha makusudi, kwa kuwa tatizo hili linaweza kumkuta mtu kwenye huduma nyingine yoyote ya aina hii.

Mara ya kwanza upakiaji ulifika asilimia 35 hivi, ukasimama, kisha ukaja ujumbe usioeleza chochote zaidi ya kunitaka nijaribu tena. Nilijaribu mara mbili zaidi, na ukakatika karibu na hapo hapo. Nilidhani faili limezidi ukubwa unaoruhusiwa, hadi nilipotazama saa na kugundua kuwa kila jaribio lilikuwa linakufa baada ya takriban dakika mbili. Mtandao niliokuwa nikitumia hupandisha megabiti 5 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya sekunde 120 unabeba megabiti 600, yaani megabaiti 75, ambazo ni kama asilimia 35 ya megabaiti 212. Nilipohamia kwenye mtandao wenye kasi maradufu, upakiaji ulifika asilimia 70 ndipo ukakatika, tena baada ya dakika mbili zile zile. Hapo nikajua kwamba kikomo kilikuwa cha muda, si cha ukubwa, kwa sababu kikomo cha ukubwa hakijali kasi ya mtandao: faili hukataliwa papo hapo, au hukwama kwenye kiasi kile kile cha megabaiti kila mara.

Dawa ya kikomo cha muda ni kupunguza uzito. Katika PowerPoint nilichagua picha moja, nikafungua `Compress Pictures`, nikaondoa alama iliyowekea kazi hiyo mipaka ya picha ile pekee, nikaweka alama kwenye `Delete cropped areas of pictures` na kuchagua kiwango cha 150 ppi. Sehemu za picha zilizokatwa hubaki ndani ya faili hata kama hazionekani, na kwangu ndizo zilizokuwa mzigo mkubwa, kwa kuwa nilikuwa nimetumia picha za kamera nzimanzima na kuonyesha kona moja tu. Nilifanya hivyo kwenye nakala, maana sehemu zikishafutwa na faili likahifadhiwa hazirudi. Faili likashuka hadi megabaiti 61, na kwenye mtandao wangu wa kwanza likapanda kwa muda wa dakika moja na nusu na ushei bila kukatika.

Nilidhani nimemaliza. Siku mbili baadaye mwenzangu mmoja aliandika kwamba wasilisho ni zuri, ila halielezi watu wakutane wapi baada ya kutoka nje ya jengo. Maelezo hayo yapo, kwenye slaidi ya 96. Nilipoingia kama msomaji nikakuta slaidi zinaishia ya 80, katikati ya sehemu ya njia za kutokea, na hakukuwa na onyo lolote kwamba kuna nyingine 68 zilizoachwa.

Ni rahisi kudhani hapa kwamba faili lilikatika tena njiani, lakini haiwezekani. Faili la `.pptx` kwa ndani ni furushi la zipu, na orodha ya vyote vilivyomo huandikwa mwishoni mwa furushi hilo. Likikatika njiani orodha hiyo ndiyo hupotea kwanza, na programu hulalamika kwamba faili limeharibika. Halikupi slaidi 80 safi na kukunyima zilizosalia. Nilithibitisha kwa kulipakua faili lile lile kutoka kwenye huduma: lilifunguka na slaidi zote 148. Kumbe seva ilikuwa na faili zima, ila kile kifaa chake kinachogeuza slaidi kuwa picha za kuonyeshwa kwa wasomaji huacha kazi kikifika slaidi ya 80. Huduma ilipoulizwa ilikiri kikomo hicho. Kosa ninaloihesabia si kuwa na kikomo, bali kukinyamazia, kwa sababu msomaji anayeona mwisho wa uongo hutoa hukumu juu ya kitu ambacho hakukiona.

Kwa kuwa uzito haukuwa tena tatizo, kubana picha zaidi kusingesaidia. Ilibidi kugawa. Njia ya haraka ingekuwa kukata kwenye slaidi ya 74 na kupata vipande viwili sawa, lakini niliona ni bora kufuata sehemu za mafunzo yenyewe, ambazo zilikuwa sita: slaidi 1 hadi 22, 23 hadi 51, 52 hadi 74, 75 hadi 109, 110 hadi 131, na 132 hadi 148. Nilitengeneza nakala sita za faili zima, na katika kila nakala nikafuta zisizohusika. Mpitiaji wa mambo ya umeme akapewa sehemu yake bila kulazimika kupitia nyingine tano, jambo ambalo kusema kweli lilifaa kufanywa tangu mwanzo, kikomo au bila kikomo.

Tatizo la kugawa ni namba. Slaidi ya 96 ikiwa ndani ya kipande cha nne huwa ya 22, na maoni yanayosema “rekebisha slaidi ya 22” yanaweza kumaanisha slaidi mbili tofauti kabisa. Kwa hiyo katika kila kipande nilifungua `Slide Size`, nikaingia `Custom Slide Size`, na penye `Number slides from` nikaandika namba ya slaidi ya kwanza ya sehemu hiyo: 23, 52, 75 na kuendelea. Nilihakikisha pia namba imechapwa kwenye slaidi yenyewe, kwa sababu huduma huhesabu kuanzia 1 kwa kila faili, na nikawaomba wenzangu wataje namba iliyochapwa tu. Niliwatahadharisha vilevile kwamba viungo kwenye slaidi ya yaliyomo havitafanya kazi, kwa kuwa slaidi vinakoelekea hazimo ndani ya kipande. Hata hivyo mmoja aliviandika kuwa kasoro, na simlaumu.

Maoni yaliporudi sikugusa vipande. Masahihisho yote niliyaingiza kwenye faili mama, nikianzia sehemu ya sita na kurudi nyuma hadi ya kwanza, kwa sababu ukiongeza au kufuta slaidi, namba za zote zinazoifuata husogea, ilhali ukitoka mwishoni namba ambazo hujazifikia hubaki kama zilivyotajwa kwenye maoni.

Naipa huduma nyota tatu kati ya tano. Zana zake za maoni ni nzuri na mpangilio wake unaeleweka; mbili zilizobaki zingerudi siku itakapoandika chini ya slaidi ya 80 kwamba bado zipo nyingine 68.