Albumini ya chini kwa mbwa: kliniki iliyopima mkojo kabla ya kulaumu figo

Nawapa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeibakiza, na sababu yake nitaisema.

Mbwa wangu Bosi ni Jemani Shepadi wa miaka sita, tunakaa Mbezi, Dar es Salaam. Alianza kukonda mgongoni huku tumbo likivimba na kuning'inia. Kinyesi chake kilikuwa laini siku nyingine na cha kawaida siku nyingine, hakuna kuhara kwa kutisha, kwa hiyo hakuna aliyefikiria utumbo. Kliniki ya kwanza tuliyokwenda ilimtoa damu, ikakuta albumini, protini ya damu inayozuia maji yasivuje kutoka kwenye mishipa, iko gramu 14 kwa lita, wakati mbwa mzima huwa na 25 hadi 40 hivi. Wakachovya kijiti kwenye mkojo, kikaonyesha protini alama moja ya kujumlisha, basi wakahitimisha: figo zinavuja. Tukapewa vidonge vya benazeprili vya kupunguza protini inayovuja kwenye figo, na chakula cha wagonjwa wa figo. Tumbo likaendelea kujaa.

Kliniki ninayoisifia hapa ni ya pili. Daktari aliangalia majibu yale ya kwanza kwa muda mrefu kuliko alivyomwangalia Bosi, kisha akaniambia, "Kaka, figo usizihukumu kwa kijiti."

Kijiti kinasoma ukali wa protini kwenye tone lile tu la mkojo. Mkojo wa Bosi ulikuwa mzito sana, kipimo cha uzito kilisoma 1.045, na kwenye mkojo mzito namna hiyo alama moja inaweza kutokea hata kwa mbwa mzima. Kinyume chake kipo pia: mkojo ukiwa mwepesi kama maji, protini nyingi inaweza kupita bila kijiti kushtuka. Ndiyo maana kuna kipimo cha uwiano wa protini na kreatinini kwenye mkojo. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, na hutoka na mkojo kwa kiwango kinachokaribiana siku zote, kwa hiyo ukigawa protini kwa kreatinini, suala la mkojo mzito au mwepesi linaondoka. Chini ya 0.5 si tatizo la kueleza albumini iliyoshuka hivi. Ikipita 2 unaanza kushuku vichujio vya figo vyenyewe, na mbwa ambaye figo zimemshusha albumini hadi maji yakajaa tumboni mara nyingi anakuwa juu ya hapo kwa mbali.

Mkojo niliukinga mwenyewe asubuhi kwa upawa wa supu niliofunga kwenye mpini wa fagio. Mara ya kwanza aliposikia bati alishusha mguu akanitazama kama mwizi. Maabara iliangalia kwanza mashapo yake, maana damu au maambukizi ya kibofu nayo huongeza protini na kuharibu hesabu. Mashapo yalikuwa safi. Uwiano ukatoka 0.2.

Figo zikaondoka kwenye kesi. Zingatia kwamba kreatinini ya damu pia ilikuwa ya kawaida tangu mwanzo, lakini daktari hakuitegemea hiyo kuzitoa, kwa sababu vichujio vinaweza kumwaga protini kwa miezi kabla kreatinini ya damu haijapanda. Ni mkojo uliozisafisha.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba karatasi ile ile ya damu ya kliniki ya kwanza ilikuwa imeshasema jambo hilo. Globulini, kundi jingine la protini za damu, ilikuwa 17, nayo imeshuka. Kolesteroli ilikuwa chini. Chembe nyeupe aina ya limfosaiti zilikuwa chache. Kichujio cha figo kikiharibika hupitisha albumini, lakini globulini nyingi ni kubwa zaidi na hubaki kwenye damu, na ini linapohangaika kufidia hutengeneza mafuta kwa wingi, hivyo kolesteroli hupanda. Utumbo hauchagui. Mishipa ya limfu kwenye ukuta wake ikitanuka na kupasuka ni sawa na bomba la maji kukatika barabarani: albumini, globulini, mafuta na limfosaiti vyote vinamwagika pamoja ndani ya utumbo. Ukiona albumini na globulini zimeshuka pamoja na kolesteroli nayo iko chini, anza na utumbo.

Kwetu huku kuna mtego mmoja ambao daktari hakuuruka. Kupe wanaleta erlikia, ugonjwa unaopandisha globulini, na wakati mwingine unaumiza vichujio vya figo. Mbwa mwenye erlikia na utumbo unaovuja kwa pamoja anaweza kuonyesha globulini ya kawaida, ukadanganyika. Bosi alipimwa, hakuwa nayo. Alipimwa pia minyoo kwenye kinyesi, asidi za nyongo kabla na baada ya kula ili kuona kama ini ndilo limeshindwa kutengeneza albumini, na kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo. Maji ya tumboni yalivutwa kidogo kwa sindano. Yalikuwa maangavu, hayana rangi, karibu hayana protini, jambo linalolingana na albumini iliyoshuka sana. Ultrasaundi ilionyesha vimistari vyeupe kwenye utando wa ndani wa utumbo mwembamba, dalili ya mishipa ya limfu iliyotanuka.

Jibu la uhakika kabisa ni kuchukua kinyama cha utumbo na kukiangalia kwenye hadubini. Tuliamua kusubiri, kwa sababu nusukaputi kwa mbwa mwenye albumini 14 ina hatari yake, na tiba ya kuanzia ilikuwa inajulikana.

Hapa ndipo chakula cha figo kilipokuwa kikituumiza. Kina protini kidogo na mara nyingi mafuta mengi ili mgonjwa apate nguvu. Mafuta ndiyo yanayojaza mishipa ya limfu ya utumbo. Bosi akahamishiwa kidari cha kuku bila ngozi na viazi vya kuchemsha, pamoja na unga wa madini na vitamini aliopimiwa, kwa sababu chakula hicho peke yake kina mapengo. Benazeprili ikasimamishwa. Akachomwa vitamini B12, ambayo ilikuwa chini, akaanzishwa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga ya mwili, na klopidogreli ya kuzuia damu kuganda ndani ya mishipa, maana anayepoteza protini hupoteza pia zile zinazozuia mgando. Hatari hiyo ipo kwa wagonjwa wa utumbo na wa figo vilevile.

Albumini ilipanda hadi 21, baadaye 26. Tumbo limerudi kawaida, mbavu zimepata nyama. Prednisoloni inamfanya anywe maji na kuomba chakula mchana kutwa, na inapunguzwa polepole.

Sasa ile nyota. Majibu hutumwa kwa Wasap kama picha ya karatasi, namba tupu, bila neno. Niliipata ile 0.2 usiku nikadhani ni mbaya kwa sababu mashine ilikuwa imeweka mshale pembeni. Pia kipimo kilipelekwa maabara ya nje na tulisubiri bila kuambiwa lolote. Sentensi mbili za maelezo zingetosha.

Kama unampeleka mbwa wako pale, omba mkojo upimwe uwiano kabla ya kidonge cha kwanza cha prednisoloni. Dawa hiyo yenyewe inaweza kuongeza protini kwenye mkojo, na ukipima baadaye utashindwa kujua ni figo au ni dawa. Bei ya kipimo hicho ilikuwa ndogo kuliko mfuko mmoja wa chakula cha figo, ambao bado uko nusu stoo kwangu. Mwenye mbwa aliyethibitishwa kuwa na tatizo la figo aje auchukue.