TAHADHARI: Mitungi ya gesi ya "zawadi ya kuhamia" inayouzwa mtandaoni, Dar

Jamani, kama mnachangishana kumnunulia mtu mtungi wa gesi, someni hapa kwanza.

Rafiki yetu amepanga chumba na sebule Tabata, mara yake ya kwanza kujitegemea. Kodi ya miezi sita ilimkausha kabisa, akawa anapikia jiko la mkaa koridoni. Tukachanga watu watano, tukaagiza mtungi wa kilo 6 na jiko lake la juu kwa muuzaji wa mtandaoni. Hana duka, anatuma kwa bodaboda. Mtungi ukafika na utepe mwekundu. Tulifurahi mno.

Gesi iliisha siku ya 13. Mtu mmoja, chai asubuhi na ubwabwa jioni! Na yeye akanyamaza wiki nzima, kwa sababu nani analalamikia zawadi? Hapo ndipo wanapotupatia: mnunuzi hapiki, anayepika anaona haya.

Bahati nzuri mwenzangu kazini alikuwa amenunua kwa muuzaji huyohuyo, wake bado haujafunguliwa. Tukaupeleka kwa muuza gesi wa mtaani mwenye mizani. Shingoni mwa mtungi, karibu na mshikio, umegongwa uzito wa mtungi mtupu. Huu uliandikwa 7.2. Ukijumlisha kilo 6 za gesi, mizani ilipaswa kusoma 13.2. Ikasoma 9.9. Maana yake gesi ilikuwa kilo 2.7 tu, hata nusu haifiki. Yule baba akashika lakiri ya plastiki kwa vidole viwili, ikazunguka yenyewe. Chini yake kulikuwa na gundi imekauka. Mtungi ulishafunguliwa, gesi ikahamishwa, ukazibwa upya.

Nilipompigia muuzaji akasema "mmepika maharage", kisha akanibloku.

Hela inauma, lakini kinachonitisha zaidi ni valvu iliyochezewa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini sakafuni, na rafiki yangu analala kwenye godoro lililo chini, mtungi uko hatua tatu kutoka kichwani pake.

Kwa hiyo nunueni dukani, na mtungi upimwe mbele yenu kabla ya kulipa. Muuza gesi anatakiwa kuwa na mizani. Akisema imeharibika, nendeni kwa mwingine. Mkishaufungia jiko nyumbani kwa mliyemzawadia, pakeni povu la sabuni kwenye valvu na maungio, bila kuwasha kitu. Likitoa mapovu yanayokua, fungeni, toeni mtungi nje, rudisheni.

Wa mwenzangu hatujaufungua. Tumeupiga picha ukiwa juu ya mizani, namba zote mbili zinaonekana, na Jumatatu tunaupeleka Wakala wa Vipimo. Kama na wewe ulinunua kwa staili hii na hujaufungua, usiufungue. Pima, piga picha, niandikie tuende pamoja.