"Siku 30" au tarehe kamili: kipi kiandikwe kwenye ankara?

Chukua ankara ya shilingi 1,200,000 iliyoandikwa 3 Machi: "Malipo ndani ya siku 30." Wewe unahesabu tangu 3 Machi, unapata 2 Aprili. Mhasibu wa mteja anahesabu tangu siku alipoipokea, 10 Machi, anapata 9 Aprili. Wote mna hoja, na hiyo wiki moja ndiyo inayozaa ugomvi.

Kwa uwazi, tarehe kamili inashinda: "Ilipwe kufikia 2 Aprili." Hata faini inapata mwanzo: "Kuanzia 3 Aprili, asilimia 2 ya deni kwa kila siku 30 kamili za kuchelewa," yaani shilingi 24,000 kila zinapotimia. Ila faini hiyo iwe imekubaliwa kwenye mkataba kabla ya kazi. Ikichomoza kwenye ankara tu, mteja ana haki ya kuipinga.

Kwa urahisi wa kutumia ankara ileile tena, "siku 30" inashinda. Ukinakili ankara ya zamani yenye tarehe kamili, tarehe ya malipo ya mwezi uliopita inaweza kubaki humo bila wewe kuiona. Ukichagua siku, andika basi "siku 30 tangu tarehe ya ankara hii".

Jina la akaunti, namba, benki, tawi na namba ya ankara ya kutajwa wakati wa kulipa vinahitajika kote kuwili.

Mteja mpya au mchelewaji, mimi ningempa tarehe. Kampuni inayohesabu siku tangu kupokea ankara, na mkataba wenu unasema hivyo, iandikie siku tangu kupokea ankara.