Kubadili rangi ya nywele na nguo kwenye simu: programu za bure, kuanzia inayofaa zaidi

Ugumu wa kazi hii hauko kwenye kupaka rangi. Uko kwenye kuacha vivuli, mikunjo na mng'ao vibaki pale vilipokuwa. Programu inayofunika kila kitu kwa rangi moja hukupa nywele zinazofanana na kofia, ndiyo maana mpangilio huu umezingatia hilo kuliko wingi wa vichujio.

1. Snapseed, kwa nywele

Ni ya bure, haina matangazo, haibandiki nembo kwenye picha. Kwa nywele nyeusi hakuna ya bure iliyo rahisi kuizidi, kwa sababu ya kifaa chake cha Curves, yaani mstari unaouvuta kuongeza au kupunguza mwanga wa kila rangi. Nywele nyeusi karibu hazirudishi mwanga, kwa hiyo rangi ikipakwa juu yake haionekani. Lazima kwanza uziongezee mwanga wa rangi unayoitaka.

Tuseme unataka rangi ya zabibu nyekundu. Fungua Tools, kisha Curves, chagua mkondo wa Red. Weka nukta kwenye mstari, kama robo ya njia kutoka kushoto, uivute juu kidogo. Ile ncha ya chini kabisa upande wa kushoto usiiguse: ukiinyanyua, hata vivuli vya ndani ya nywele vitakuwa vyekundu na kichwa kitaonekana bapa. Mkondo wa Blue nao unyanyue, lakini kwa kiasi kidogo zaidi. Picha nzima itakuwa nyekundu. Usijali, bonyeza alama ya vema.

Sasa, kwenye toleo la Android, fungua View edits, gusa Curves, halafu alama ya brashi. Rangi itaondoka, nawe utairudisha kwa kidole pale unapotaka tu. Katikati ya nywele paka kwa nguvu ya brashi ya 100, ukikaribia paji la uso shuka hadi 50, na kwenye vinyweleo vya pembeni tumia 25. Brashi haina kitufe cha ukubwa, kwa hiyo kuza picha kwanza ili ipake eneo dogo. Ukimwaga rangi kwenye sikio, shusha hadi 0 ufute.

Kikomo chake ni nywele nyeusi kwenda rangi ya dhahabu. Ukinyanyua mwanga kiasi hicho, chenga zilizokuwa zimejificha gizani hujitokeza na nywele huwa kijivu chenye madoa. Kahawia na zabibu ndiyo mwisho wake wa heshima.

2. ibisPaint X, kwa nguo

Imetengenezwa kwa ajili ya kuchora, na toleo la bure lina matangazo yanayokera, lakini ina leya halisi, yaani tabaka unazopaka juu ya picha bila kuigusa yenyewe. Ingiza picha, ikiuliza kama itoe mistari ya mchoro, kataa. Ongeza leya mpya juu ya picha, badili mode yake kutoka Normal iwe Color, kisha paka shati zima bila woga. Mode hiyo hubadili rangi tu na kuuacha mwanga wa picha ya chini, kwa hiyo mikunjo na vifungo hubaki. Rangi ikikolea mno, shusha ukolevu wa leya hadi kama asilimia 75.

Shati la bluu kwenda nyekundu au kijani hutoka vizuri. Bluu iliyokoza kwenda njano hutoka rangi ya tope, maana njano bila mwanga mwingi si njano tena. Shati jeupe halishiki rangi kwenye Color. Tumia mode ya Multiply, inayotia giza kilicho chini, na rangi iliyopauka.

Kuna kosa moja linalowaumbua wengi. Shati la bluu huakisi bluu chini ya kidevu na shingoni. Ukigeuza shati likawa jekundu ukaacha ile bluu ya kidevuni, jicho litastuka hata kama mtazamaji hajui kwa nini. Pitisha rangi mpya hapo kwa brashi hafifu sana.

3. Lightroom, kwa haraka

Sehemu yake ya Color Mix ni ya bure, na inasogeza rangi moja kwa wakati: bluu iende zambarau au kijani-bahari, basi. Haivuki mbali zaidi ya rangi jirani. Inagusa picha nzima, na kuchagua eneo kwa Masking kunalipiwa. Kwa gauni la kijani kwenye picha isiyo na kijani kingine, dakika moja imetosha. Kwa shati jekundu au la chungwa iache, kwa sababu ngozi na midomo vitabadilika pamoja nalo.

4. Za kugusa mara moja, mfano YouCam Makeup

Zinatambua nywele zenyewe, na zinafaa kwa kuonja rangi kabla ya kwenda saluni. Nywele zikiwa mbele ya ukuta mweusi, au zikiwa rasta zilizoachana, mpaka hukosewa na rangi humwagikia ukutani. Rangi nyingine zimefungiwa kwenye malipo. Kabla ya kupoteza nusu saa, hifadhi picha moja ya majaribio uangalie kama imebandikwa nembo au imepunguzwa ukubwa. Na ukikubali jaribio la bure linalotaka taarifa za malipo, lisitishe mapema, kwani muda ukiisha hugeuka kuwa usajili wa kulipia.